Ombi Hili Linamsubiri Nani? Ufafanuzi wa Barua Pepe ya Wiki ya Mtunza Msimbo

Katika timu nyingi za programu, mara moja kwa wiki mtu mmoja hukaa karibu saa nzima akiandika barua pepe ambayo wenzake wataimaliza kwa dakika tatu. Mtu huyo ni mtunza msimbo, yaani yule mwenye dhamana ya kuamua nini kinaingia katika tawi kuu la mradi na nini kinabaki nje kwa sasa. Barua yake huyataja maombi ya kuunganisha msimbo ambayo bado yako wazi, yale ambayo watengenezaji programu huyaita PR kwa kifupi, na kuyagawa katika mafungu matatu: yanayosubiri mapitio, yaliyozuiwa, na yaliyo tayari kuunganishwa.

Kwa asiyeufahamu utaratibu huu, ombi la kuunganisha huanza pale mtengenezaji anapomaliza kazi katika tawi lake la pembeni na kuomba kazi hiyo iingizwe katika tawi kuu, ambalo kwa kawaida huitwa `main`. Kabla haijaingia, mwenzake mmoja au wawili huisoma mistari iliyobadilika, na majaribio ya kujiendesha hupimwa juu yake. Wasomaji wakiridhika hutoa idhini, na wasiporidhika huomba marekebisho. Kwenye timu ya watu watano au sita si ajabu kukuta maombi kumi na zaidi yaliyo wazi kwa wakati mmoja, kila moja likiwa katika hatua yake.

Kuyapanga maombi hayo katika mafungu matatu kunaonekana kazi ya karani, na wengi hudhani inaweza kuachiwa skripti ya mistari michache inayoiuliza GitHub, tovuti ambako timu nyingi huhifadhi msimbo wao, hali ya kila ombi na kutuma majibu. Nimewahi kuamini hivyo pia. Barua ya namna hiyo hutoka kwa wakati kila wiki, haina kosa la tahajia, na inapotosha karibu kila mstari, kwa sababu chombo kinajua mlango upi umefungwa na upi uko wazi, lakini hakijui nani ameshika ufunguo.

Lugha yetu inatusaidia kuiona tofauti hii vizuri. Mtu akiandika kwamba ombi "linasubiri mapitio", sentensi imekamilika kisarufi na haijamtaja mtu yeyote. Kila msomaji anaweza kuipita akiamini kwamba mapitio hayo ni ya mwingine. Akiandika kwamba ombi "linamsubiri Salma", kiungo kidogo kilichoingia ndani ya kitenzi kimelazimisha jina litokee. Ndivyo ilivyo pia kwa "limekwama" na "limezuiwa". Gari hukwama lenyewe matopeni na hakuna wa kulaumiwa, lakini kitu kilichozuiwa kimezuiwa na mtu au jambo fulani, na msomaji ataendelea kuuliza "na nini?" mpaka aambiwe. Nikipitia rasimu ya barua yangu, kazi ya kwanza ni kutafuta kila "linasubiri" isiyo na jina na kila "limekwama", kisha kujiuliza kama nimeandika hivyo kwa sababu sijui au kwa sababu sikutaka kusema.

Wanaotengeneza hifadhidata ya PostgreSQL waliliona jambo hili mapema. Wao hupokea mabadiliko kwa barua pepe, bila kutumia maombi ya GitHub, na huyashughulikia kwa vipindi vya takriban mwezi mmoja vinavyoitwa commitfest. Kila badiliko lililo hai hupewa hali mojawapo kati ya tatu: `Needs review`, `Waiting on Author` au `Ready for Committer`. Mbili kati ya hali hizo zimembeba mtu ndani ya jina lake. Ya kwanza inasema mwandishi anasubiriwa, ya pili inasema anayesubiriwa ni mwenye mamlaka ya kuingiza msimbo. Hata ile isiyotaja mtu inajulikana kuwa ni wito kwa wapitiaji. Anayesimamia kipindi akituma muhtasari wake, wasomaji tayari wanajua kila hali inamgusa nani.

GitHub haikupangwa hivyo. Ukitumia chombo chake cha mstari wa amri, unaweza kuuliza hivi:

```
gh pr list --limit 100 --search "draft:false" \
  --json number,title,reviewDecision,mergeStateStatus,reviewRequests
```

Kile kiasi cha 100 si cha mapambo. Ukikiacha, amri hiyo huleta maombi 30 tu, tena bila kukuonya kwamba imeyaacha mengine, na kwa kuwa hupanga mapya juu, yanayokatwa ni yale ya zamani, ambayo ndiyo hasa barua ya wiki inatakiwa kuyafufua.

Katika majibu, sehemu mbili ndizo zinazovutia macho. `reviewDecision` inasema kama mapitio yametoa idhini, yameomba marekebisho, au bado yanahitajika. `mergeStateStatus` inasema kama kitufe cha kuunganisha kingefanya kazi ukikibonyeza sasa hivi. Thamani zake ni kadhaa, lakini inayowachanganya watu kuliko zote ni `BLOCKED`. Mtu mgeni huiona na kuliweka ombi katika fungu la yaliyozuiwa. Katika GitHub neno hilo linamaanisha tu kwamba masharti ya tawi lengwa hayajatimia, na sharti la kawaida kuliko yote ni kupata idhini ya mpitiaji mmoja. Kwa hiyo ombi lililofunguliwa dakika kumi zilizopita, ambalo halina tatizo lolote duniani ila halijasomwa, litaonyesha `BLOCKED`. Ombi linalongoja kampuni ya nje ijibu barua litaonyesha neno hilohilo. Chombo kinaeleza hali ya kitufe, ilhali barua inakusudia kueleza hali ya kazi, na ni kwa bahati mbaya tu kwamba wanatumia neno moja.

Njia bora ya kulieleza hili ni kulipitia juma moja hatua kwa hatua. Tuchukulie timu ya watu watano inayotunza mfumo wa stoo za dawa kwa ajili ya zahanati kadhaa. Wanne tuwaite Juma, Salma, Neema na Baraka, na wa tano ndiye mtunza msimbo, anayeandika barua. Tawi la `main` lina sharti la idhini ya mtu mmoja na majaribio ya lazima kufaulu. Ni Ijumaa, saa 4 asubuhi, na kuna maombi sita yaliyo wazi.

Skripti inaleta picha ifuatayo. Maombi 412, 423 na 427 yote yanaonyesha `BLOCKED`. Maombi 418 na 421 yanaonyesha `CLEAN`, yaani hakuna kinachozuia kuunganishwa. Ombi 425 linaonyesha `UNSTABLE`, maana yake linaweza kuunganishwa lakini kuna jaribio lisilo la lazima ambalo halijafaulu, nalo linaonekana kwa alama nyekundu. Skripti ingeandika basi: matatu yamezuiwa, mawili yako tayari, moja lina matatizo. Mtunza msimbo anayafungua moja baada ya jingine.

Ombi 412 ni la Juma, linaloongeza tarehe ya mwisho wa matumizi ya dawa katika jedwali la stoo. Jumatatu Salma alilisoma na kuomba marekebisho mawili. Chombo bado kinasema `CHANGES_REQUESTED`, kwa hiyo mtu angedhani Juma ndiye anayechelewa. Lakini Jumanne mchana Juma alirekebisha yote mawili na kusukuma mabadiliko mapya. Ombi la marekebisho halifutiki kwa sababu mwandishi ametekeleza; hubaki pale mpaka aliyeliweka atoe idhini au liondolewe na mwenye mamlaka. Juma alipaswa kubonyeza kitufe cha kuomba mapitio tena, na hakubonyeza. Salma kwa upande wake alitoka katika orodha ya wanaoombwa mapitio tangu dakika ile alipowasilisha mapitio yake ya kwanza, hivyo akitafuta maombi yanayomsubiri, hili halimo. Wote wawili wametimiza wajibu wao kama wanavyouona, kila mmoja anamngoja mwenzake, na hivyo siku tatu zimepita. Hakuna tatizo ninalolikuta mara nyingi zaidi ya hili, na hugunduliwa kwa kulinganisha vitu viwili tu: saa ya mapitio ya mwisho na saa ya mabadiliko ya mwisho. Mabadiliko yakiwa mapya kuliko mapitio, mpira uko kwa mpitiaji, hata chombo kiseme nini.

Kwa nini usitazame tu tarehe ya mwisho ombi lilipoguswa, ile `updatedAt`? Kwa sababu tarehe hiyo husogezwa na mambo mengi madogo. Lebo ikibandikwa, au programu ya kujiendesha ikiacha maoni kwamba kipimo cha majaribio kimepanda kwa asilimia fulani, ombi linahesabika kuwa limeguswa leo. Ombi linaweza kulala majuma matatu bila jicho la binadamu huku tarehe yake ikionekana mpya kila asubuhi.

Ombi 418 ni la Neema, na lina idhini ya Baraka. Chombo kinasema `APPROVED` na `CLEAN`. Lakini idhini ilitolewa Jumatano, na Alhamisi Neema aliongeza mabadiliko mengine mawili, moja likiwa la kurekebisha hesabu ya dawa zinazorudishwa stoo. GitHub ina mpangilio unaofuta idhini zilizopitwa na wakati kila msimbo mpya unaposukumwa, lakini timu hii haikuuwasha, kwa hoja ya haki kabisa kwamba ungewalazimu kuomba idhini upya hata kwa kurekebisha nukta. Matokeo yake ni kwamba idhini ya Baraka sasa inafunika mistari ambayo Baraka hajawahi kuiona. Ombi hili halijawa tayari. Linamsubiri Baraka, kwa dakika kumi tu, na ni vema barua iseme ni dakika kumi, kwa sababu mtu anayeambiwa apitie ombi "tena" hudhani anarudishwa mwanzo.

Ombi 421 ndilo la hatari kuliko yote, na ndilo linaloonekana safi kuliko yote. Ni la Baraka, linatengeneza onyo la dawa zinazokaribia kuisha muda, kwa hiyo linaihitaji ile tarehe inayoletwa na ombi 412. Baraka hakutaka kungoja. Alijenga kazi yake juu ya tawi la 412, na alipofungua ombi aliweka tawi hilo kuwa lengo badala ya `main`. Juma ameisoma na kuikubali. Sasa masharti yote tuliyoyataja, idhini ya lazima na majaribio ya lazima, yamewekwa juu ya `main` peke yake. Tawi la 412 halina sharti lolote, kwa hiyo kitufe cha 421 ni cha kijani na `CLEAN` yake ni ya kweli kwa maana ya chombo. Ukikibonyeza, kazi ya Baraka itaunganishwa, lakini itaingia ndani ya tawi la Juma, katikati ya ombi ambalo Salma hajamaliza kulipitia. Salma atarudi akute mistari mipya mia mbili ambayo hakuiomba, na ombi 421 litaonekana limekamilika ilhali hakuna kilichofika `main`. Ulinzi hapa ni kusoma jina la tawi lengwa kwenye kila ombi kabla ya kuliita tayari. Katika amri ya juu unaweza kuongeza `baseRefName` ili jina hilo lije pamoja na mengine. Ombi 421 limezuiwa, tena limezuiwa na kitu chenye jina: ombi 412.

Ombi 423 ni la Salma, la kuhamia toleo jipya la maktaba ya ripoti. Linaonyesha `BLOCKED` kwa sababu halijasomwa. Mapitio yaliombwa kwa timu nzima badala ya mtu, na siku nne hakuna aliyelifungua, kwani kila mmoja aliona wenzake watatu wameombwa pia. GitHub inaweza kupangiwa igawe maombi ya timu kwa zamu au kwa kutazama nani ana mzigo mdogo, lakini katika timu ya watu watano ni rahisi zaidi mtunza msimbo achague jina. Kuna jambo jingine lililowatisha watu: ukurasa unasema mistari 1,900 imebadilika. Ukilifungua unakuta mistari 1,600 ni ya faili la `package-lock.json`, ambalo huandikwa na mashine na hakuna anayelisoma mstari kwa mstari. Ya kusomwa ni 300. Kuiandika namba hiyo ya pili katika barua hufanya kazi kubwa kuliko kumsihi mtu.

Ombi 425, lenye alama nyekundu, ni la Juma tena, la kurekebisha maneno katika ukurasa wa ripoti. Neema amelikubali na hakuna kilichobadilika baada ya hapo. Jaribio lililoanguka ni lile linalokagua kama viungo vya tovuti za nje katika kurasa za maelezo bado vinafunguka. Mtunza msimbo anafungua kumbukumbu ya jaribio, anaona kiungo kilichoshindwa hakimo katika faili zilizoguswa na Juma, kisha anatazama `main` na kukuta jaribio hilohilo limeanguka huko pia tangu jana usiku. Ushahidi huo wa pili ndio unaotosha. Kosa lililopo kwenye tawi kuu bila ombi hili haliwezi kuwa limeletwa na ombi hili. Kwa hiyo 425 liko tayari.

Limebaki 427, la Baraka, linalotuma ujumbe mfupi wa simu kwa mtunza stoo dawa inapopungua. Chombo kinalionyesha sawasawa na 423: `BLOCKED`, mapitio yanahitajika. Lakini hapa kumpa mpitiaji jina ni kumpotezea muda, maana Baraka anangoja ufunguo wa majaribio kutoka kwa kampuni ya kupeleka ujumbe, na bila ufunguo huo hajui kama majibu ya kampuni yanakuja katika umbo alilolikisia. Hili limezuiwa kwelikweli. Mtunza msimbo bado ana maswali mawili ya kumuuliza Baraka kabla ya kuliandika hivyo. La kwanza ni kama ombi zima limezuiwa, au kuna sehemu inayoweza kutolewa na kusomwa sasa. Anajibiwa kwamba sehemu inayounda maneno ya ujumbe haihitaji ufunguo wowote. La pili ni nani anayeifuatilia kampuni. Kwa hilo Baraka anasema aliandika wiki iliyopita na hakujibiwa.

Sasa hesabu imegeuka. Katika yale matatu yaliyoitwa `BLOCKED`, lililozuiwa ni moja. Katika mawili yaliyoitwa `CLEAN`, hakuna lililo tayari. Na lililo tayari peke yake ndilo lile lenye alama nyekundu. Nakiri kwamba nimeupanga mfano huu ili mitego ikutane katika juma moja, lakini hakuna hata mmoja ambao ni wa nadra. Barua inayotoka baada ya kazi hiyo inaweza kuwa hivi:

> Ndugu zangu, hii ni hali ya maombi kama ilivyokuwa leo Ijumaa saa 4:30 asubuhi. Yako sita. Moja liko tayari, matatu yanamsubiri mtu, mawili yamezuiwa.
>
> Tayari: 425 (Juma, maneno ya ripoti). Nitaliunganisha leo kabla ya saa 6. Alama nyekundu ni ya kiungo cha nje kilichokufa, ipo hata kwenye `main`, haihusiani na kazi hii.
>
> Yanayosubiri: 412 linamsubiri Salma. Juma alishamaliza marekebisho yote mawili Jumanne, ila hakuomba mapitio upya, kwa hiyo Salma hakupata taarifa. Tuanze na hili, kwa sababu 421 linalitegemea. 418 linamsubiri Baraka kwa dakika kama kumi: tazama tu mabadiliko mawili ya Alhamisi yaliyokuja baada ya idhini yako. 423 nimemwomba Neema. Mistari ya kusoma ni 300, iliyobaki ni `package-lock.json`.
>
> Yaliyozuiwa: 421 limezuiwa na 412. Tafadhali asiliunganishe mtu hata kama kitufe ni cha kijani, maana lengo lake ni tawi la Juma. 427 limezuiwa na ufunguo wa majaribio tunaoungoja kutoka nje. Nitapiga simu mwenyewe Jumatatu na kuwajulisha jioni. Baraka atatenga sehemu ya maneno ya ujumbe iwe ombi lake, na 427 litarudi kuwa rasimu kwa sasa.

Barua hiyo ina mambo machache ambayo huachwa mara nyingi. Saa imeandikwa, kwa kuwa hali ya maombi huchakaa haraka kuliko mkate, na atakayeisoma Jumatatu anapaswa kujua anasoma picha ya Ijumaa. Saa ina sababu nyingine ya kiufundi pia. GitHub haikokotoi papo hapo kama ombi linaunganika. Hufanya hesabu hiyo nyuma ya pazia, na kitu kipya kikishaingia `main`, hesabu za maombi mengine huanza upya. Ukiuliza katika dakika hiyo unaweza kupata `UNKNOWN` kwa maombi mengi. Haimaanishi kuna hitilafu. Unangoja kidogo na kuuliza tena, na ni busara kukusanya hali kabla ya kuunganisha chochote asubuhi hiyo.

Jambo la pili ni namna watu walivyotajwa. Kuweka jina la mtu mbele ya wenzake kuna gharama, hasa pale aliyetajwa ni mkubwa kwa umri au kwa cheo, na mtunza msimbo asiyelijali hilo atakuta baada ya wiki chache kwamba barua zake hazijibiwi. Tazama mstari wa 412. Ungeweza kuandikwa "Salma hajapitia tangu Jumanne", na usingekuwa na uongo wowote ndani yake, ila ungemshtaki mtu ambaye hakupata taarifa. Uliopo unaeleza sababu ya kukawia kwanza, na sababu hiyo iko katika kitufe kisichobonyezwa. Juma naye hakuaibishwa, kwani imetajwa kwanza kwamba kazi aliimaliza. Yule ambaye kweli amechelewa mara ya tatu hasahihishwi kwa barua ya timu. Anapigiwa simu kabla barua haijatoka, na mara nyingi simu hiyo hulitoa ombi lake katika orodha kabisa.

La tatu ni kwamba fungu la yaliyo tayari linasema nani ataunganisha na lini. Wasomaji wengi huliruka fungu hilo wakidhani limeisha, na ndiyo maana ombi huweza kukaa "tayari" majuma mawili. Ombi lililo tayari linamsubiri mtu kama mengine yote, na kwa kawaida mtu huyo ni mwandishi wa barua mwenyewe. Kila siku linayokaa, `main` inasogea, na idhini iliyotolewa juu ya msimbo wa wiki iliyopita inazidi kuwa ahadi ya zamani. Maombi mawili yaliyofaulu kila moja peke yake yanaweza hata kuvunjana yakikutana, bila mgongano wowote wa mistari kuonekana: moja linabadilisha jina la kitendakazi, jingine linaongeza mahali pengine panapokiita kwa jina la zamani. Chombo kitayaita yote mawili `CLEAN` mpaka la kwanza liingie na majaribio ya la pili yapimwe upya. Yakiwapo mawili au matatu tayari kwa pamoja, barua inapaswa kusema yataingia kwa mpangilio gani.

Kuhusu siku ya kutuma, sina hoja nzito. Ijumaa asubuhi humpa mtu nafasi ya kumaliza kitu kabla ya mapumziko, Jumatatu humpa ratiba ya juma. Kinachobadilika ni lugha ya ahadi tu.

Kipimo cha kama barua inafanya kazi huonekana katika barua inayofuata. Mimi huandika pembeni ya kila ombi ni wiki yake ya ngapi katika fungu lilelile, na nambari hiyo ikifika tatu sinakili tena mstari wa zamani. Ombi linalomsubiri mtu mmoja kwa wiki tatu limekosa mpitiaji sahihi, au ni kubwa kiasi cha kutosomeka, na yote mawili yana dawa: jina jingine, au kuligawa. Lililozuiwa na jambo lilelile kwa wiki tatu linarudishwa kuwa rasimu au linafungwa kwa maelezo mafupi ya kwa nini, na tawi linabaki ili kazi isipotee.

Turudi kwa timu yetu Ijumaa iliyofuata. Salma alimaliza 412 Jumatatu, na mtunza msimbo akaliunganisha kwa njia ya kulikunja kuwa badiliko moja, kisha akalifuta tawi lake. GitHub, tawi lengwa likifutwa baada ya kuunganishwa, hulielekeza lenyewe ombi lililokuwa juu yake kwenye tawi lililofuata chini, kwa hiyo 421 sasa linaelekea `main`, kama ilivyotarajiwa. Lakini hali yake imekuwa `DIRTY`: tawi la Baraka limebeba mabadiliko ya zamani ya Juma kama yalivyokuwa kabla ya marekebisho, `main` imeyabeba yaliyorekebishwa yakiwa yamekunjwa, na mistari inagongana. Ikiwa Baraka bado ana nakala ya tawi la Juma kwenye mashine yake, atahamisha kazi yake peke yake hivi:

```
git fetch origin
git rebase --onto origin/main tawi-412 tawi-421
```

Baada ya hapo atasukuma upya kwa `git push --force-with-lease`, na idhini ya Juma itabaki pale juu ya msimbo uliohamishwa, kama ile ya Baraka ilivyobaki juu ya 418. Katika barua ya Ijumaa hiyo mstari wake unasomeka: "421, wiki ya 2, halijazuiwa tena. Linamsubiri Baraka alihamishe, kisha Juma alitazame upya. Lisiunganishwe kwa idhini ya zamani."